Kisima kimoja, majibu mawili: kutenganisha bikaboneti na kaboneti kwa vikomo viwili vya titresheni

Swali: "Shikamoo mwalimu. Ninasimamia maji ya umwagiliaji katika shamba la mboga upande wa Usa River, Arusha. Nilipima maji ya kisima chetu palepale kisimani: pH 7.8, fenolfthalini haikutoa rangi yoyote, na methili oranji ikabadilika kwa mililita 36.0 za asidi ya 0.02 N, sampuli ikiwa mililita 100. Siku mbili baadaye nikapima mjini maji yaliyobaki kwenye chupa: pH 8.8, rangi ya pinki ikatokea na kuisha kwa mililita 1.2, na jumla ikawa 36.0 vilevile. Fomu ya shamba inataka kaboneti na bikaboneti kila moja peke yake. Niandike kipi, na hiyo kaboneti imetoka wapi? Ugumu wa maji ni 60 kama CaCO3."

Marahaba. Vipimo vyako vyote viwili ni sahihi, na vinakubaliana kuliko unavyodhani. Kilichobadilika kati ya kisima na mjini ni kiasi cha hewa ya ukaa iliyoyeyuka ndani ya maji, na hewa hiyo inapotoka, sehemu ya bikaboneti hugeuka kuwa kaboneti ndani ya chupa. Kwa kuwa fomu inauliza juu ya maji ya kisima, andika kipimo cha kisimani: bikaboneti miligramu 439 kwa lita, na kaboneti haikuonekana. Kipimo cha mjini kinaeleza kwa uaminifu maji ya chupa iliyokaa siku mbili, lakini maji hayo si yale yanayotoka ardhini.

Tuanze na maana ya vikomo vyenyewe. Asidi inapoingia katika maji ya asili, inayoipokea kwanza ni kaboneti, CO3²⁻, kwa kuwa ndiyo yenye mvuto mkubwa zaidi kwa ioni ya haidrojeni. Kila kaboneti hupokea ioni moja na kuwa bikaboneti, HCO3⁻, na kazi hiyo inapokamilika pH huwa karibu na 8.3, mahali ambapo fenolfthalini hupoteza rangi. Ukiendelea kudondosha, bikaboneti nayo hupokea ioni moja na kuwa hewa ya ukaa iliyoyeyuka, na hilo hukamilika pH ikiwa imeshuka hadi kati ya 4.9 na 4.3, kutegemea wingi wa ualkali. Katika hatua hii ya pili inayotumia asidi si bikaboneti ya asili peke yake, bali pia ile iliyotokana na kaboneti katika hatua ya kwanza. Kwa hiyo usomaji wa bureti kwenye kikomo cha kwanza, tuuite P, unahesabu nusu tu ya kaboneti, na nusu yake nyingine imefichwa ndani ya hatua ya pili. Jumla ya asidi tangu mwanzo hadi kikomo cha pili tuiite T. Mtu asiyesahau kwamba P ni nusu ya kaboneti hana haja ya kukariri jedwali lolote:

Ualkali wa kaboneti = 2P
Ualkali wa bikaboneti = T − 2P

Fomula hizi zinafaa mradi P haizidi nusu ya T. Ikizidi, ujue mna haidroksidi pia, jambo ambalo ni nadra sana katika maji ya chemchemi au kisima, lakini utalikuta katika maji yaliyotiwa chokaa au yaliyolala kwenye tangi jipya la saruji ambalo halijasuuzwa vya kutosha. Ukipata matokeo ya namna hiyo kutoka kwenye bomba la shamba, kagua tangi kabla ya kukilaumu kisima.

Ubadilishaji kuwa miligramu ni rahisi kwa vipimo ulivyochagua, kwa sababu mililita moja ya asidi ya 0.02 N ni sawa na miligramu moja ya CaCO3. Kwa sampuli ya mililita 100, zidisha usomaji wa bureti kwa 10 na utakuwa na miligramu kwa lita kama CaCO3. Kisimani, basi, T ni 360 na P ni sifuri, na ualkali wote ni wa bikaboneti. Kupata uzito wa ioni yenyewe unazidisha ualkali wa bikaboneti kwa 1.22, na ule wa kaboneti kwa 0.60. Hivyo 360 mara 1.22 ni 439. Mjini P ni 12, kwa hiyo ualkali wa kaboneti ni 24 na wa bikaboneti ni 336. Kwa ioni zenyewe hiyo ni kaboneti miligramu 14.4 na bikaboneti miligramu 410 kwa lita. Makosa mengi ninayoyaona kwenye fomu hutokea katika hatua hii: mtu huandika 336 kwenye nafasi ya bikaboneti bila kusema ni "kama CaCO3", na anayeisoma huichukua kuwa miligramu za HCO3⁻ na kukosa karibu moja ya tano ya thamani yake.

Sasa kaboneti ilikotoka. Maji ya chini ya ardhi hupita kwenye udongo ambamo mizizi na vijidudu hutoa hewa ya ukaa kwa wingi, na huibeba akiba hiyo hadi yanapochotwa. Kwa maji yenye ualkali wa 360 na pH ya 7.8, hewa ya ukaa iliyoyeyuka ni kama miligramu 10 kwa lita. Maji yaliyotulia kwenye hewa ya kawaida hubakiwa na kiasi cha nusu miligramu tu. Maji yako yalitoka ardhini yakiwa na karibu mara ishirini ya kiasi ambacho hewa ya juu ingeyaruhusu kubaki nacho, na ziada hiyo huanza kutoka mara tu maji yanapokutana na nafasi tupu. Inapotoka, mwitikio huu huvutwa kuelekea kulia:

2HCO3⁻ → CO3²⁻ + CO2 + H2O

Tazama hesabu ya pande zote mbili. Bikaboneti mbili, zinazohitaji asidi mbili hadi kikomo cha mwisho, zimegeuka kuwa kaboneti moja, ambayo nayo inahitaji asidi mbili. Hewa ya ukaa yenyewe haihitaji asidi yoyote. Ndiyo sababu T haikusogea hata kidogo huku P ikitoka sifuri hadi 1.2. Namba zako zinalithibitisha hili kwa usahihi wa kupendeza: kaboneti iliyotokea ni milimoli 0.24 kwa lita, na bikaboneti iliyopungua, kutoka 7.20 hadi 6.72, ni milimoli 0.48, yaani mara mbili yake kamili. Ungeyaacha maji hayo kwenye bika wazi hadi yatulie kabisa na hewa, pH ingepanda hadi karibu 9.0 na P ingefika kama mililita 2.0, bila T kubadilika.

Kutokubadilika huko kwa T kuna mpaka wake. Maji ya miteremko ya Meru kwa kawaida yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, na ugumu wako wa 60 unaonyesha hivyo. Kwa maji ya namna hii kaboneti inaweza kuongezeka kwenye chupa na ikabaki imeyeyuka. Lakini ukipokea maji magumu, kwa mfano ya kisima kilichochimbwa kwenye miamba ya matumbawe ya pwani, kaboneti inayozaliwa hushikana na kalsiamu na kuganda kama chokaa. Hapo T yenyewe hushuka, na ushahidi wake ni utando mweupe unaokwaruza ukipitisha kidole ndani ya chupa. Ukiuona utando huo, sampuli imeharibika kwa vipimo vyote viwili, na kuitikisa ili chokaa ichanganyike hakuirudishi hali ya mwanzo.

Kwa hiyo kazi ya kutenganisha kaboneti na bikaboneti huanzia kwenye uchotaji, wala si kwenye bureti. Acha pampu ifanye kazi hadi pH itulie, usije ukapima maji yaliyolala kwenye bomba. Ingiza mpira hadi kwenye kitako cha chupa, ujaze kutoka chini kwenda juu bila kufanya mapovu, uache maji yafurike kwa kiasi cha chupa nzima au zaidi, kisha uchomoe mpira taratibu na ufunge kifuniko pasipo kuacha hata povu moja. Ukiigeuza chupa na kuona povu linapanda, fungua ujaze tena. Iweke kwenye boksi lenye barafu, na uipime ndani ya saa 24. Usichukue maji kutoka kwenye chupa iliyotiwa asidi kwa ajili ya vipimo vya metali, maana asidi hiyo imeshakula ualkali unaotaka kuupima. Na chupa ikishafunguliwa mara moja, salio lake linafaa kwa T lakini si kwa P. Chupa yako ya mjini ilikuwa "iliyobaki", kama ulivyoandika mwenyewe, yaani nusu yake ilikuwa hewa.

Bora kuliko yote ni ulivyofanya mara ya kwanza, kupima kikomo cha kwanza palepale kisimani. Kama kubeba bureti hadi shambani ni usumbufu, beba walau kipima pH kilichosawazishwa, kwa sababu pH ya kisimani ikiunganishwa na T ya maabara inatosha kukadiria mgawanyo. Kwenye pH 10.3 kaboneti na bikaboneti huwa sawa kwa idadi ya milimoli. Kila unaposhuka pH moja, kaboneti inakuwa moja ya kumi ya uwiano uliotangulia, kwa hiyo kwenye 9.3 ni moja ya kumi ya bikaboneti na kwenye 8.3 ni moja ya mia. Maji yenye chumvi kiasi kama yako huwa na kaboneti juu kidogo ya makadirio hayo. Jaribu kwa kipimo chako cha mjini: pH 8.8 inatabiri kaboneti iwe kama moja ya thelathini ya bikaboneti, na titresheni yako inatoa 0.24 dhidi ya 6.72, yaani moja ya ishirini na nane. Zinaafikiana. Kama titresheni ingedai P ya mililita 5 kwenye maji yenye pH 8.8, ningekataa kuisaini fomu hadi kosa lipatikane.

Makadirio hayo hayo yanakuonyesha kwamba "haikuonekana" si sawa na "haimo". Kwenye pH 7.8 maji yako ya kisima yana kaboneti ya kiasi cha miligramu moja na nusu hadi mbili kwa lita. Mgawanyo wa P na T ni makubaliano yanayochukulia kwamba chini ya 8.3 hakuna kaboneti kabisa, jambo linalotosha kwa kazi nyingi. Haliwatoshi wanaohesabu kama chokaa itaganda kwenye mabomba, kwani hao wanahitaji pH ya kisimani, joto la maji na T, kisha wakokotoe kaboneti wenyewe badala ya kutegemea 2P.

Tuje kwenye mkono unaofungua bureti. Kikomo cha kwanza ni dhaifu kwa asili yake, kwa sababu pH haianguki ghafla kwenye 8.3 bali inateleza taratibu, na pinki inafifia kwa muda mrefu bila kusema "basi". Watu wawili wanaotazama chupa koni moja wanaweza kutofautiana kwa mililita 0.2 au 0.3. Dawa yake ni kuwa na rangi ya kulinganishia. Chukua gramu 0.6 za sodiamu bikaboneti ya maabara, iyeyushe katika lita moja ya maji yaliyokenekwa ambayo yamechemshwa na kupoa, usiyapashe tena moto kwa kuwa joto huigeuza kuwa kaboneti, kisha mimina mililita 100 kwenye chupa koni inayofanana na ya sampuli na utie idadi ileile ya matone ya fenolfthalini. Myeyusho huo, ukiwa mpya, una pH ya karibu 8.3 na nguvu inayokaribiana na maji yako. Unaweka chupa zote mbili juu ya karatasi nyeupe, na unasimamisha asidi pale rangi zinapofanana. Usingoje sampuli iwe nyeupe kabisa, maana ukifika huko umeshapita.

Namna ya kuchanganya nayo ina uzito. Tone la asidi linapoanguka, kwa kitambo kidogo sehemu hiyo ya maji huwa na asidi iliyozidi na hutengeneza hewa ya ukaa mapema. Ukizungusha chupa kwa upole, hewa hiyo hukutana na kaboneti iliyobaki na kurudi kuwa bikaboneti, na hesabu inabaki sawa. Ukitikisa kwa nguvu, hewa hutoroka, kaboneti iliyopaswa kuisha inabaki, na unalazimika kuongeza asidi, kwa hiyo P inakuwa kubwa kuliko kweli. Dalili yake ni pinki inayorudi baada ya dakika moja ingawa ulikuwa umeshafika kikomo. Usiifukuzie pinki hiyo kwa matone zaidi. Andika usomaji wa kwanza, na uirudie sampuli kwa upole zaidi. Kwa maji yaliyo juu ya pH 9 kosa huelekea upande wa pili, kwa sababu hayo hunyonya hewa ya ukaa kutoka chumbani, na kuchelewa huipunguza P.

Fikiria pia udogo wa namba yenyewe. Ukikosea mililita 0.1 katika P ya 1.2, ualkali wa kaboneti unakosewa kwa asilimia 8, ilhali wa bikaboneti haukosewi hata kwa asilimia moja. Kama kaboneti ni ya lazima kwako, tumia sampuli ya mililita 200 au bureti ndogo ya mililita 10 kwa hatua ya kwanza, kisha uendelee na ile kubwa hadi T. Kama si ya lazima, usiandike 14.4 kana kwamba desimali hiyo unaijua, 14 inatosha.

Kikomo cha pili hakisumbui kiasi hicho kwa maji yenye ualkali wa 360, kwani mabadiliko ya rangi ya methili oranji, ukisimama pale manjano inapoanza tu kuingia uchungwa, yanaangukia karibu na pH inayotakiwa. Tatizo huja kwa maji mepesi. Kijito cha msituni kwenye miteremko ya Kilimanjaro chenye ualkali wa 30 kina kikomo chake cha kweli kwenye pH 4.9, na methili oranji itakupeleka hadi 4.3 au chini yake. Asidi inayotumika kushusha pH kutoka 4.9 hadi 4.3 ni sawa na karibu miligramu 2 za CaCO3 kwa lita, ambazo katika 360 hazionekani, lakini katika 30 ni asilimia 6. Kwa maji hayo tumia mchanganyiko wa bromokresoli ya kijani na methili nyekundu, au kipima pH. Na ukitumia kipima pH, kisawazishe kwa bafa za 7 na 10 kwa ajili ya kikomo cha kwanza na za 4 na 7 kwa cha pili. Bafa ya 10 isikae wazi, kwa kuwa hunyonya hewa ya ukaa na kushuka taratibu bila rangi yake kubadilika, na kipima pH kilichosawazishwa nayo kitakudanganya juu ya 8.3.

Asidi yako unapaswa kuijua nguvu yake kwa kupima, si kwa kusoma lebo. Kausha sodiamu kaboneti safi kwenye joto la 250 °C kwa saa nne, ipoe ndani ya desiketa, pima gramu 1.06 na uiyeyushe kufikia lita moja. Huo ni myeyusho wa 0.02 N. Chukua mililita 25 zake, ongeza maji yaliyochemshwa na kupoa hadi 100, kisha titrisha kama sampuli. Asidi iliyo sawa itatumika mililita 12.5 hadi kikomo cha kwanza na 25.0 kwa jumla. Ninapenda jaribio hili kwa sababu linapima mambo mawili kwa pamoja: jumla inakagua asidi, na nusu inakagua mkono wako. Aliyepata 25.0 kwa jumla lakini 13.1 kwenye kikomo cha kwanza ana asidi nzuri, ila ama anatikisa mno ama anapitiliza rangi.

Baada ya hapo jaribu magadi ya sokoni, yale yanayotiwa kwenye maharage. Magadi ya asili, kama ya Ziwa Natron, kwa sehemu kubwa ni chumvi yenye kaboneti moja kwa kila bikaboneti moja, Na2CO3·NaHCO3·2H2O. Kaboneti hiyo hutumia asidi moja hadi kikomo cha kwanza, kisha bikaboneti mbili zinazosimama hapo hutumia mbili zaidi, kwa hiyo P inapaswa kuwa theluthi ya T. Gramu 0.5 katika lita moja, kama magadi yangekuwa safi kabisa, ingetoa P ya mililita 11 hivi na T ya 33 hivi kwa sampuli ya mililita 100. Ya sokoni yana udongo na chumvi ya kawaida ndani yake, hivyo namba zote mbili zitashuka, lakini uwiano wa moja kwa tatu utabaki karibu na hapo. Yachuje kwanza, na uyapime mara tu yanapoyeyuka, kwa kuwa pH yake iko juu na hewa ya chumba itayabadilisha.

Kuna vitu viwili vya eneo letu ambavyo watu huniuliza kama vinaharibu hesabu. Cha kwanza ni floraidi, inayojulikana sana katika maji ya upande wa Meru. Hiyo haina madhara ya maana: hata ikiwa miligramu 10 kwa lita, sehemu inayopokea asidi hadi kikomo cha pili ni ndogo, haizidi miligramu 2 za CaCO3 kwa lita. Cha pili ni silika kutoka kwenye miamba ya volkano, na hiki nakichukulia kwa uzito zaidi. Chini ya pH 8.5 silika haigusi hesabu, kwa hiyo kisima chako kiko salama. Lakini kwenye pH 9.3, maji yenye silika ya miligramu 60 kwa lita yataongeza kwenye P kiasi cha miligramu 10 hivi kama CaCO3, na kwa kuwa fomula inazidisha P kwa mbili, utaandika 20 za ziada kuwa kaboneti ilhali hazimo. Maji ya maziwa ya magadi ya Momela, yenye pH ya juu zaidi, yasipelekwe kwenye fomula ya 2P bila kupima silika kwanza.

Limebaki suala la matumizi yako. Nadhani fomu yako inaomba namba hizi ili kukokotoa salio la sodiamu kaboneti, yaani kaboneti na bikaboneti zikijumlishwa, kisha kalsiamu na magnesi zikitolewa, zote zikiwa katika miliekwivalenti kwa lita. Kupata miliekwivalenti unagawa namba ya "kama CaCO3" kwa 50. Kwa kipimo cha kisimani ni 0 na 7.20, kwa cha mjini ni 0.48 na 6.72; jumla ni 7.20 kwa vyote viwili. Ugumu wa 60 ni 1.20. Salio ni 6.0, na maji yenye salio linalozidi 2.5 kwa kawaida huhesabiwa kuwa hayafai kumwagilia yakiwa peke yake, kwa sababu kalsiamu ya udongo huganda kama chokaa na sodiamu huchukua nafasi yake, udongo ukashikamana na kukataa kupitisha maji. Kwa uamuzi huo, tofauti ya vipimo vyako haina athari hata kidogo, na bwana shamba wenu anapaswa kuiona 6.0 hiyo kabla hajapanga vitalu vya msimu ujao.

Kwenye fomu, basi, andika: ualkali wa jumla 360 kama CaCO3, bikaboneti 439 kama HCO3⁻, kaboneti haikuonekana kwenye kikomo cha pH 8.3, pH 7.8, imepimwa kisimani wakati wa kuchota. Kipimo cha mjini kiweke kwenye safu ya maelezo pamoja na tarehe yake na hali ya chupa.